Masta ya udongo au ya agribiznesi? Jibu kwa afisa ugani wa Njombe

*"Shikamoo mwalimu. Mi ni afisa ugani wa kata moja huku Njombe, mwaka wa saba kazini, digrii yangu ya kwanza ni agronomia. Nataka kusoma masta ila nimegawanyika kati ya sayansi ya udongo na agribiznesi. Wenzangu wananiambia udongo hauna hela, nikasome biashara. Wakulima wangu ni wa mahindi na viazi, nina mke na watoto wawili na kazi sitaki kuiacha. Ungekuwa wewe ungechagua ipi?"*

Marahaba mwanangu. Kwa ulivyojieleza mimi ningeenda udongo, ila kwa sharti moja, upate ruhusa rasmi ya masomo. Ukinyimwa ruhusa jibu linageuka, linakuwa agribiznesi, na hilo nitalieleza huko chini. Nakwambia hivi nikiwa nimefanya ugani miaka tisa kabla sijaenda kusoma udongo, na tangu nimalize nimekaa na wanafunzi wa pande zote mbili, kwahiyo nimeona wanapokwama.

Hilo la "udongo hauna hela" tuliweke pembeni kwanza maana linachanganya watu. Swali linalosaidia zaidi ni hili, kati ya haya mawili lipi unaweza kujifunza ukiwa hapohapo kwenye kata yako na lipi huwezi kabisa bila kukaa chuoni? Kukokotoa gharama na mapato ya ekari, kujua bei ya kurudisha gharama, kuandika andiko la mkopo la kikundi, kusoma mkataba wa mnunuzi wa parachichi, hivi vitu mtu mwenye digrii ya agronomia anaweza kuvishika kwa kozi fupi ya wiki mbili tatu, kitabu kizuri na daftari la kufanyia mazoezi na wakulima wake mwenyewe. Lakini kupima alumini iliyo kwenye udongo, kuelewa kwanini fosforasi ya DAP inapotea, kusoma majibu ya maabara ukajua hapa namba imedanganya, hivyo havifundishiki kwenye simu. Vinataka maabara, vinataka mtu wa kukusimamia ukiwa unakosea, na vinataka muda.

Ngoja nikupe mfano mmoja niupitie wote, maana ndani yake utaziona kozi zote mbili zinavyofanya kazi na wapi kila moja inaishia.

Chukua mama mmoja kwenye kata kama yako, ana ekari moja ya mahindi. Anapandia DAP mfuko mmoja wa kilo 50, anakuzia urea, mbegu ni chotara nzuri, palizi anafanya kwa wakati, na bado anavuna gunia 8. Anakuja kwako anakwambia mbolea ya siku hizi ni feki. Unaenda shambani mahindi yana wiki nne, majani ya chini yana rangi ya zambarau pembeni. Hapo afisa ugani wengi tunasema fosforasi imepungua, ongeza DAP. Nilisema hivyo mimi mwenyewe kwa miaka na wakulima waliongeza na hawakupata kitu, na mpaka leo inaniuma maana hela zile zilikuwa za ada za watoto.

Zambarau ya mahindi machanga ina sababu zaidi ya moja. Huko kwenu juu baridi peke yake inaweza kuileta, ila ya baridi joto likirudi wiki mbili inaondoka yenyewe. Isipoondoka, chukua jembe ung'oe mche mmoja na udongo wake utazame mizizi. Mizizi ya mahindi yenye afya ni myeupe, ina vinywele vingi na inashuka chini. Ukikuta ni mifupi, minene kama imevimba kwenye ncha, ina rangi ya kahawia, na inatambaa juujuu bila kushuka, hapo shida sio mbolea feki, shida ni asidi. Kwenye udongo wenye pH ya maji chini ya 5.5 alumini inaanza kuyeyuka, na kadri pH inavyoshuka kuelekea 5 na chini yake inazidi kuwa nyingi, na hiyo alumini ndiyo inayochoma ncha za mizizi. Na hapohapo alumini na chuma vinaikamata fosforasi ya DAP na kuifungia, kwahiyo mama anaweka mbolea kweli, ipo shambani kweli, ila mahindi hayaipati. Ukimwongezea DAP unalisha udongo, mahindi yanabaki na njaa.

Sasa ukishajua ni asidi, unamshauri aweke chokaa. Kiasi gani? Hapa ndipo nilipokwama mimi nikiwa afisa ugani na ndio sababu nikaenda kusoma. Kile kipima udongo cha mkononi, vile ambavyo serikali ilivigawa pamoja na pikipiki mwaka 2022, kitakwambia pH. Ni kitu kizuri, kitumie. Lakini pH haikwambii chokaa kiasi gani. Mashamba mawili yote yanaweza kusoma 4.8, moja la kichanga likatosheka na mifuko michache, lingine la mfinyanzi mwekundu likataka mara tatu yake, kwa sababu asidi iliyojificha kwenye chembe za udongo ni tofauti. Unayotakiwa kujua ni alumini inayobadilishana, na hiyo ni kazi ya maabara.

Tuseme umepeleka sampuli ya shamba la yule mama na majibu yamerudi pH 4.8, alumini 1.6 cmol kwa kilo. Hesabu inakwenda hivi. Kila cmol 1 ya asidi kwenye kilo ya udongo inauawa na gramu 0.5 ya kalsiamu kaboneti. Hekta moja kwa kina cha sentimita 20 ina udongo wa kama kilo milioni 2, kwahiyo cmol 1 ni kama tani 1 ya chokaa kwa hekta. Ila shambani chokaa haifanyi kazi yote kwa ukamilifu, na kwa mahindi huwa tunazidisha kwa 1.5.

```
tani kwa hekta = 1.5 x alumini
1.5 x 1.6 = 2.4
2.4 / 2.47 = 0.97 kwa ekari
```

Tani moja kwa ekari, yani mifuko 20 ya kilo 50. Na hiyo ni chokaa safi iliyosagwa laini kama unga. Ukiletewa ile yenye punje kama mchanga, nyingi yake itakaa shambani bila kuyeyuka, na mkulima atasema chokaa haifanyi kazi. Imwagwe wiki kadhaa kabla ya kupanda na ichanganywe na udongo mpaka sentimita 15 au 20, maana chokaa haitembei yenyewe, ukiiacha juu itarekebisha sentimita chache za juu na mizizi itaendelea kuungua chini.

Alafu kuna mtego wa kwenu hasa, wa watu wa mahindi na viazi. Viazi mviringo vinavumilia asidi kuliko mahindi, na ukipandisha pH sana ugonjwa wa upele wa viazi unapenda. Kwahiyo kwenye shamba linalozunguka mahindi na viazi hulengi 6.5 kama kwenye vitabu, unalenga kuiua alumini tu, ufike kama 5.5 hivi uishie hapo, na chokaa unaiweka msimu wa mahindi sio msimu wa viazi. Na ukizidisha zaidi ya hapo zinki nayo inapotea, utaona mahindi machanga yana mistari myeupe mipana kwenye majani mapya. Mtu aliyekariri "weka chokaa tani moja kila mahali" atawaharibia watu viazi, na wataacha kumsikiliza hata anaposema kweli.

Mpaka hapo ni udongo. Sasa mtu wa agribiznesi akichukua jalada hilohilo anaanzia hapa, je huyu mama inamlipa? Nakupa hesabu kwa bei za kudhania, wewe weka za kwenu. Tuseme mfuko wa chokaa unafika shambani kwa 9,000 na usafiri humo humo, mifuko 20 ni 180,000, kumwaga na kuchanganya 20,000, jumla 200,000. Tuseme mavuno yamepanda kutoka gunia 8 hadi 13, nyongeza gunia 5. Kila gunia la ziada lina gharama yake ya kuvuna, kupukuchua, mfuko na kubeba, tuseme 8,000. Akiuza gunia kwa 60,000 anabaki na 52,000, mara tano ni 260,000. Ametoa 200,000, amebaki na 60,000 msimu wa kwanza, na chokaa haijaisha, itamsaidia msimu wa pili na wa tatu kwa kupungua kidogokidogo.

Lakini yule mama hauzi kwa 60,000. Anauza mwezi wa sita au wa saba shambani kwa mtu mwenye lori kwa sababu ada inadaiwa, na tuseme anapewa 35,000. Hapo anabaki na 27,000 kwa gunia, mara tano 135,000, msimu wa kwanza hajarudisha chokaa. Bei ya kurudisha gharama kwa msimu wa kwanza ni 200,000 ugawe kwa 5, ujumlishe 8,000, yani 48,000 kwa gunia. Chini ya hapo ni lazima asubiri msimu wa pili, na mkulima mwenye njaa ya hela hasubiri msimu wa pili. Alafu 200,000 zenyewe zinatakiwa mwezi wa kumi, mwezi ambao hana kitu mfukoni kabisa. Kwahiyo jibu zuri la udongo linaweza kufa kwa sababu ya tarehe ya hela tu. Mtu wa biashara atakwambia wanakikundi kumi waagize lori moja la tani 10 kwa pamoja usafiri ushuke, nusu ya gunia zihifadhiwe mpaka bei ipande, mkopo urejeshwe baada ya kuuza na sio kila mwezi. Hayo ni maarifa ya kweli, siyadharau hata kidogo. Na kwenye viazi ndio zaidi, lile suala la lumbesa peke yake, gunia limevikwa kofia mpaka kilo zimepita 100 na bei ni ileile, linamla mkulima wa kwenu kuliko upungufu wowote wa mbolea.

Ila ebu rudi utazame hesabu hizo mbili nilizofanya. Ya pili umeifuata yote bila shida, kujumlisha, kuzidisha, kutoa. Ungeweza kuifanya kesho na mama yeyote kwenye kata yako. Ya kwanza, ile 1.6 ilitoka wapi? Nani aliipima, kwa njia gani, na utajuaje kama ni sahihi? Na ile 1.5 kwanini isiwe 1 au 2? Ukiweza kujibu hayo mwenyewe ndio masta ya udongo. Sisemi agribiznesi ni kujumlisha na kutoa tu, wanafunzi wake wanasoma uhasibu, masoko, tathmini ya miradi, na takwimu nzito za kupima nini kinasababisha nini, na wengi wanalia kwenye hizo takwimu. Ila sehemu yake ambayo wewe ungeitumia kila siku kama afisa ugani ni ile ambayo unaweza kuifikia bila masta, na sehemu ya udongo ambayo ungeitumia kila siku ni ileile ambayo bila masta hufiki.

Sasa nije kwenye upande mgumu wa udongo, maana sitaki uende ukiwa umefumba macho.

Masta hizi za kozi na utafiti kwa kawaida ni miaka miwili, mwaka wa kwanza darasani, wa pili utafiti. Pale SUA Morogoro wana udongo na usimamizi wa ardhi, na wana masta ya biashara upande wa agribiznesi, kwahiyo zote mbili zipo chuo kimoja. Tofauti kubwa ipo kwenye mwaka wa pili. Utafiti wa agribiznesi mara nyingi ni dodoso, unahoji wakulima labda mia moja na kitu, unaweza kufanya mwezi wowote ingawa mzuri ni baada ya mavuno watu wakiwa bado wanakumbuka bei. Utafiti wa udongo ukiwa wa majaribio ya shamba unaendeshwa na mvua. Huko kwenu mvua ni moja kwa mwaka, inaanza Novemba. Andiko lako la utafiti lisipopitishwa kabla ya hapo, likipitishwa Januari kwa mfano, umepoteza msimu mzima, na masta ya miaka miwili imekuwa mitatu. Nimewaona watu wanaacha kabisa kwa sababu hii na walikuwa na akili nzuri tu. Ukienda udongo, topiki iwe imeshakaa kichwani semista ya kwanza na sio ya pili, na msimamizi umfuate mapema.

Cha pili ni maabara. Gharama za kupima ndio zinazokula bajeti. Mtu anaandika mashamba 60, kina mbili mbili, sampuli 120, kila moja vipimo nane, alafu anashtuka akipewa ankara. Mimi risechi yangu ilisimama miezi minne kwa sababu mashine ya maabara niliyokuwa naitegemea iliharibika na kipuri kilikuwa kinasubiriwa, na sikuwa na mpango mwingine. Kama ningepunguza sampuli mwanzoni ningebaki na hela ya kuzipeleka kwingine. TARI Mlingano kule Tanga ni kituo cha utafiti wa udongo, ulizia pale pia kabla hujafunga mpango wako, ujue wanapima nini na foleni ikoje.

Na kosa lingine ambalo ni langu mwenyewe, sampuli za kwanza kabisa nilizibeba kwenye mifuko ya mbolea iliyotumika, nikiwa afisa ugani bado, nilikuwa naona ni mifuko safi. Fosforasi ikarudi juu ajabu kwenye mashamba yanayolia njaa. Mimi nikawaambia wakulima kumi na moja kwamba fosforasi ipo ya kutosha, wasinunue DAP mwaka ule. Ilibidi niwafuate mmoja mmoja baadaye kuwaomba radhi. Tumia mifuko mipya ya nailoni, ndoo ya plastiki na sio ya bati maana bati lina zinki, chukua udongo kidogokidogo sehemu 15 hadi 20 kwa kwenda zigizaga shamba zima kina cha sentimita 20, ruka penye majivu, penye zizi la zamani, penye kichuguu, changanya vizuri, gawa nne utupe robo mbili zinazotazamana, rudia mpaka ibaki kama nusu kilo, anika kivulini. Hata ukienda agribiznesi hilo lijue.

Kuhusu kazi na familia, hapa ndio lile sharti langu. Njombe hadi Morogoro ni zaidi ya kilomita 500, huwezi kusoma udongo kwa kwenda wikiendi, maabara inakutaka uwepo katikati ya wiki. Kwahiyo anza na afisa utumishi wa halmashauri sio na fomu ya chuo. Muulize mambo matatu. Jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka huu au ujao, maana nje ya mpango huo ruhusa ni ngumu. Ukishapewa ruhusa mshahara unaendelea vipi na utatakiwa kurudi kutumikia muda gani. Na muundo wa kada yako unasemaje kuhusu masta, kwa sababu watu wengi wanadhani cheti cha masta kinapandisha daraja chenyewe, wanarudi wanakuta daraja lilelile na hasira juu. Usiondoke kimyakimya kwa kutegemea mkuu wako ni rafiki, akihamishwa wewe unaandikiwa utoro.

Wakikunyima ruhusa, usigombane nao. Hapo ndio nasema agribiznesi. Baadhi ya vyuo vina masta za biashara za jioni na wikiendi, na kama kozi inafanyika kwa mpangilio wa mtu aliye kazini basi utafiti wa dodoso unaufanya kwenye kata yako mwenyewe ukiwa unafanya kazi, wahojiwa ni walewale unaowatembelea kwa pikipiki. Hakikisha tu kozi inatambuliwa na TCU kabla hujalipa hata senti. Na kwenye kuchagua topiki achana na zile za "mambo yanayoathiri ukubalifu wa teknolojia fulani", zimeandikwa mpaka zimechoka. Wewe upo kwenye viazi, pima gunia za lumbesa kwa mizani shambani na sokoni msimu mzima, andika kilo na bei, toa hasara ya mkulima kwa kilo. Data ya namna hiyo wenye maabara nzuri hawana, wewe unayo mlangoni.

Kuna hali moja zaidi ambayo ingenifanya nikuambie agribiznesi hata ukiwa na ruhusa mkononi, nayo ni kama moyoni unataka kuondoka kwenye ugani. Kama unajiona benki kwenye dawati la mikopo ya kilimo, au unasimamia chama cha ushirika, au upo kwa kampuni ya parachichi upande wa ununuzi na mikataba, masta ya udongo itakuchelewesha tu. Nafasi za agribiznesi ni nyingi zaidi, wenzako hawajadanganya hapo. Wasichokwambia ni kwamba na waombaji ni wengi zaidi, wanaotoka uchumi, uhasibu, masoko, wote wanagombea dawati lilelile, na miaka yako saba ya shambani pale inahesabika kidogo. Kwenye udongo nafasi ni chache, vituo vya utafiti, maabara, mamlaka ya mbolea, makampuni ya mbolea, mashamba makubwa ya chai na parachichi, ila anayekuja na miaka saba ya kata pamoja na masta ya udongo ni mmoja mmoja. Maabara imejaa watu wanaojua kemia na hawajawahi kubishana na mkulima anayekataa kumwaga chokaa. Lakini hujaniandikia kwamba unataka kuondoka, umeniandikia "wakulima wangu", ndio maana nimejibu kama nilivyojibu.

Na ukienda udongo usiiache hesabu ya yule mama. Kwenye kozi za hiari chukua moja ya uchumi wa shamba, na kwenye utafiti wako weka sura ya gharama na mapato. Mimi ningekushauri topiki ya aina hii, viwango vitatu vya chokaa, bila kitu, nusu tani na tani moja kwa ekari, kwenye mzunguko wa mahindi na viazi, mashamba sita ya wakulima na kila shamba lihesabike kama rudio moja. Sampuli zinabaki chache, bajeti inapumua, na swali la upele wa viazi kwenye chokaa kwa udongo wa kwenu ni la kweli. Shida yake ni moja, mzunguko unataka misimu miwili, kwahiyo mahindi ya mwaka wa kwanza ni lazima yapandwe ukiwa bado darasani, uache mtu wa kuaminika anayepima na kuandika, au uwe umemwaga chokaa mwaka kabla ya kuanza chuo ukiwa bado upo kwenye kata.

Hiyo ya mwisho ndiyo nzuri kuliko zote kwako, kwa sababu hata ruhusa itachukua muda. Mwaka huu mwezi wa tisa tafuta wakulima watatu wa kukuamini, chukua sampuli kama nilivyoeleza, peleka maabara upate pH na alumini inayobadilishana, hizo mbili tu zinatosha. Mwezi wa kumi mwaga chokaa kwenye kipande kidogo cha mita 10 kwa 10 kila shamba, kwa kiwango cha tani moja kwa ekari hiyo ni kama kilo 25, nusu mfuko. Pembeni yake acha kipande kama hicho bila kitu. Mwezi wa kwanza ng'oa miche upige picha mizizi ya pande zote mbili, mwezi wa sita upime mavuno kwa mizani. Ukiwa na picha hizo na namba za mashamba matatu, andika ukurasa mmoja uende nao kwa mkurugenzi kuombea ruhusa, na ukurasa huohuo umtumie msimamizi unayemtaka chuoni.